Ncha umekata kwa kubana mkia, mbona zimetoka hivi? Dalili, chanzo na marekebisho

Njia yenyewe ni fupi. Unachana nywele mpaka hakuna fundo, unazibana mkia mmoja kwa lastiki, unavisha lastiki ya pili na kuishusha taratibu hadi karibu na ncha, kisha unakata kinachochungulia chini yake. Kwa nywele ndefu zilizopita mabega, zenye urefu mmoja, ambazo zimenyooka zenyewe au kwa dawa, njia hii inaokoa safari ya saluni na inafanya kazi safi. Lakini kuna watu wengi wanaoifuata hatua kwa hatua na bado wanajikuta mbele ya kioo wakishangaa: katikati pafupi, pembeni parefu, au ncha zilizopasuka bado zipo palepale.

Karibu kila mara mkono uliokata hauna kosa. Kosa liko kwenye mahali ilipokaa lastiki ya kwanza. Kwa hiyo kabla hujashika mkasi kwa mara ya pili, soma dalili yako kwanza, maana ukirekebisha kwa mkia uleule ulioleta tatizo unaliongeza.

Kanuni ya kushika

Kila unywele una safari mbili. Ya kwanza ni kutoka kwenye shina lake, juu ya ngozi ya kichwa, hadi kwenye lastiki. Ya pili ni kutoka kwenye lastiki hadi ncha. Unapokata mkia, unasawazisha safari ya pili tu. Ya kwanza hujaigusa, na inatofautiana sana kati ya unywele wa ukosini na wa utosini. Ndiyo maana unywele uliosafiri mbali kufika kwenye lastiki unabaki mrefu, na ule uliozaliwa jirani na lastiki unabaki mfupi.

Chukua tepu ya fundi nguo ujipime. Kwenye kichwa cha mtu mzima, kutoka utosini kushuka nyuma hadi mwisho wa nywele za ukosi ni kama sentimita 22. Kutoka kwenye panja kuzunguka nyuma ya sikio hadi katikati ya ukosi ni kama 20. Kichwa chako kinaweza kuzidi au kupungua kidogo, ila namba hizi zinatosha kueleza karibu dalili zote zinazofuata. Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba nywele hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo kosa la sentimita 5 ni deni la miezi mitano.

Dalili: umekata mara mbili tatu, ncha bado zimepasuka, na chini pamekuwa pepesi

Swali la kwanza ninalouliza hapa ni: ulibana wapi? Jibu huwa ni utosini. Wengi hupenda mkia wa juu kwa sababu wanaweza kuuleta mbele ya uso na kuona wanachokata. Kuona kweli wanaona, ila wanachokiona ni sehemu tu ya nywele zao.

Nieleze kwa mteja mmoja aliyekuja saluni na nywele za kiunoni, zenye dawa, zilizokuwa na urefu mmoja kabla hajajikata. Alisema, "Dada, nimekata mara tatu, na hizi za chini bado zina ncha mbili mbili. Nakata nini kumbe?" Nilimpima. Nywele zake za ukosini zilikuwa na sentimita 45, yaani kutoka ukosi hadi kiunoni. Za utosini, ili zifike kiunoni palepale, zilipaswa kuwa na 45 na zile 22 za mteremko wa kichwa, jumla 67.

Sasa zibane zote utosini. Nywele za utosini zimezaliwa karibu na lastiki, kwa hiyo karibu urefu wake wote, kama 65, unaingia kwenye mkia. Nywele za ukosini zinapanda sentimita 22 kwanza, na zinazobaki kuingia kwenye mkia ni 23. Hazifiki hata nusu ya mkia. Akikata 4 kwenye ncha ya mkia anakata nywele za utosini na zile za mbele yake. Akirudia mara tatu mpaka zitimie 12, bado ni zilezile. Nywele za chini, ambazo ndizo zinazosuguana na kola ya nguo na mkanda wa mkoba kila siku, na ndizo zenye ncha mbovu, hazijaonja mkasi kabisa.

Ndiyo maana chini panaonekana pepesi. Zamani kiunoni zilikutana nywele za kichwa kizima. Baada ya kukata, za utosini zimepanda sentimita 12 juu, na mstari wa kiunoni umebaki na nywele za ukosi na za nyuma ya masikio peke yake. Urefu haujapungua hata kidogo, lakini ukiweka mkono nyuma unauona kupitia nywele. Watu hudhani nywele zinakatika. Hazikatiki, zimepanda ngazi.

Unaweza kujihakiki nyumbani bila kukata chochote. Bana mkia wa utosini, kisha chomoa kwa mpini wa kitana kishungi kidogo cha nywele kutoka ukosini bila kukitoa kwenye lastiki, na ukifuate kwa vidole hadi kinapoishia. Kikiishia katikati ya mkia, ujue mkasi wako haukuwahi kukifikia. Angalia pia umbo la mkia wenyewe: mkia mnene juu na mwembamba kama kalamu kwenye ncha unakuambia kwamba ni nywele chache tu zinazofika mwisho.

Marekebisho yake yanahitaji subira zaidi ya mkasi. Wengine hufikiri pengo la sentimita 12 litajifunga nywele zikikua. Halijifungi, kwa sababu za utosini na za ukosini zinakua kwa kasi ileile, na pengo linashuka nazo likiwa zima. Linafungwa kwa kuzuia za chini zisishuke wakati za juu zinakuja. Nilimpangia hivi: siku hiyo tulibana mkia wa chini, kwenye ukosi, tukatoa sentimita 3 za ncha mbovu. Pengo likawa 9. Baada ya hapo, kila miezi mitatu anabana mkia wa ukosini na kutoa sentimita 3, ambazo ndizo nywele zilizokua katika miezi hiyo. Mstari wa chini unasimama palepale, za juu zinashuka 3 kila awamu, na baada ya miezi tisa zinakutana. Katika mkia wa ukosini nywele fupi za utosini hazifiki kwenye ncha, kwa hiyo haziguswi, na hapa hicho ndicho tunachokitaka.

Kama hawezi kungoja, njia iliyobaki ni kukata mstari wa chini kwa mara moja hadi zilipo za utosini. Ni uamuzi wa mwenye nywele. Mimi humshauri mtu asikate urefu wa mwaka mzima siku ileile aliyokasirika.

Mkia wa kwenye paji la uso, ule wa kuinamisha kichwa na kubana mbele, ni tatizo hilohilo lililozidishwa. Nywele za ukosi zinasafiri sentimita 30 na zaidi, za mbele hazisafiri kabisa. Huo ni mtindo wa kukata ngazi kubwa zinazozunguka uso. Mtu akiutaka, sawa. Kama nia ni kupunguza ncha tu, usiutumie.

Dalili: mgongoni zimenyooka, lakini ukizileta mbele pembe mbili zinaning'inia

Hii ndiyo dalili ya mkia wa ukosini, ambao kwa kazi ya ncha ndio bora kuliko yote. Unakata nywele zote kweli, kwa sababu kila unywele unaochanwa kurudi nyuma unapita ukosini au jirani yake. Ukichana zote mgongoni, mstari umekaa.

Tatizo linajitokeza ukipasua njia katikati na kuacha nywele zishuke mbele ya mabega. Unywele wa panja ulisafiri sentimita 20 kwenda ukosini, karibu kwa ulalo, ukizunguka sikio. Ukiuachia ushuke wenyewe kutoka kwenye panja, hauhitaji tena safari hiyo. Kutoka kwenye panja hadi usawa wa ukosi kwa kushuka wima ni kama sentimita 10 tu. Zile 10 zilizobaki zinaongezeka kwenye ncha. Ndiyo pembe mbili unazoziona kifuani, huku katikati ya mgongo pamepanda.

Kwa mtu anayefunga nywele au kuzisuka siku zote, hili si tatizo, na sioni sababu ya kukata zaidi. Kwa anayeachia, punguza pembe hivi: pasua njia katikati kuanzia paji hadi ukosini, leta kila nusu mbele ya bega lake, na ubane kila moja chini ya taya, usawa wa mfupa wa bega. Usivute upande mmoja zaidi ya mwingine. Utaona kwenye ncha ya kila mkia kuna nywele chache zinazotangulia. Hizo ndizo za panja. Zikate kidogo kidogo, sentimita 1 au 2 kwa mara moja, kisha fungua utazame. Nywele za katikati ya mgongo, zikisafiri kuja mbele, zinaishia juu zaidi na haziguswi, ilimradi usizidishe sentimita 5. Hapo unasimama. Mstari utakuwa na mviringo mwepesi badala ya pembe.

Ukizidisha, unaingia kwenye dalili iliyo kinyume: mgongoni kunatokea ncha kali iliyochongoka kuelekea chini, na za pembeni zimekwenda juu. Hayo ni matokeo ya kawaida ya mikia miwili ya mbele, maana nywele za katikati ya mgongo ndizo zilizosafiri mbali. Wapo wanaoutaka mchongoko huo na wanautumia makusudi. Aliyeupata bila kuutaka abane mkia mmoja ukosini, atoe ncha inayotangulia, basi.

Dalili: upande mmoja mrefu kuliko mwingine

Anza na vyanzo vyepesi. Je, ulibana ukiwa na njia ya pembeni? Je, lastiki ilikaa katikati kabisa ya ukosi? Lastiki ikisogea sentimita 2 kuelekea kulia, nywele za kushoto zimeongezewa safari na za kulia zimepunguziwa, na tofauti kwenye ncha inaweza kufika sentimita 3 au 4. Weka kidole kwenye mfupa wa uti wa mgongo unaojitokeza chini ya shingo, na uhakikishe lastiki iko juu yake moja kwa moja.

Chanzo kinachowapata wengi zaidi ni kuvuta mkia juu ya bega ili uone unachokata. Tuseme umeuleta juu ya bega la kulia. Mkia mnene unapokunjwa shingoni, nywele zilizo upande wa ndani wa kona zinapita njia fupi, na za upande wa nje zinazunguka. Mkia wenye unene wa sentimita 3 ukikunjwa kona kamili unatoa tofauti ya zaidi ya sentimita 4 kati ya ndani na nje. Za ndani, ambazo ni za upande wa kulia, zinachungulia mbele na kukatwa zaidi. Ukiachia nywele, kushoto kumebaki kurefu. Kwa hiyo mwulize mtu aliuleta mkia wake juu ya bega gani, na utajua upande upi umebaki mrefu kabla hujamgeuza.

Dawa yake ni zile lastiki za katikati ambazo watu huziruka. Mkia ukiwa bado umening'inia wima mgongoni, kichwa kimesimama na macho yanatazama mbele, vaa lastiki ya pili sentimita 10 chini ya ya kwanza, nyingine 10 chini yake, hadi ya mwisho ikae sentimita 1 juu ya mahali utakapokata. Kabla ya kushusha kila moja, pitisha kitana chenye meno membamba kwenye kipande hicho, kwa sababu lastiki inayoburutwa juu ya nywele zisizochanwa inavuta za nje na kuziacha za ndani zimelegea. Ya mwisho izungushe mara nyingi mpaka ikaze. Sasa nywele zote zimefungwa mahali zilipokuwa wakati mkia uko wima. Hata ukiuleta mbele, ilimradi lastiki ya mwisho haitelezi, mpangilio hauvunjiki, na unakata chini yake bila wasiwasi.

Epuka lastiki zile nyembamba za mpira mtupu. Zinang'ata nywele na kuusokota mkia unapozishusha, na mkia uliosokotwa nusu mzunguko unakatika kwa ulalo hata kama mkasi umeshikwa sawa. Zilizofunikwa kitambaa laini zinateleza vizuri.

Kupima kama umesawazisha, usitegemee kugeuza shingo mbele ya kioo. Kugeuka kwenyewe kunavuta upande mmoja. Funga kanga kiunoni au chini ya makwapa, pindo likiwa limenyooka sambamba na sakafu, chana nywele zote mgongoni, na mwombe mtu akupige picha simu ikiwa kwenye usawa wa ncha. Pindo la kanga ni mstari tayari, na tofauti ya sentimita moja inaonekana. Tofauti iliyo chini ya hapo iache. Nywele zikitembea na wewe haitaonekana, na kuifukuza ndiko kunakowapeleka watu kutoka kiunoni hadi mabegani kwa alasiri moja.

Dalili: ncha zina vidato, au mkia umekatika kwa mteremko

Ukifungua ukakuta ngazi ndogo ndogo zisizo na mpangilio, tazama mkasi na unene wa mkia. Mkasi unaofungwa juu ya fungu nene la nywele haukati zote pamoja. Unakata za kwanza, unasukuma zilizobaki kuelekea kwenye ncha ya makali, na za mwisho zinatoka ndefu. Ndiyo maana mteremko mara nyingi unaelekea upande ulikokuwa mdomo wa mkasi.

Mkia unaozidi unene wa kidole gumba usikatwe kwa pigo moja. Shika chini ya lastiki ya mwisho, ubonyeze ncha kati ya vidole viwili ziwe bapa, kisha kata kwa mapigo mafupi kutoka pembeni hadi pembeni, ukitumia sehemu ya mbele ya makali tu. Baada ya hapo geuza mkasi usimame wima, mdomo ukielekea juu kwenye ncha, na uchome vijinafasi vya nusu sentimita hapa na pale. Hilo linalainisha mstari na kuficha vidato vidogo ambavyo mkono wa nyumbani hauwezi kuvikwepa.

Mkasi wa jikoni au wa kukatia makaratasi haufai hata ukiwa mpya. Makali yake ni manene na yanauponda unywele kabla ya kuukata. Kwa kujaribu mkasi, lowesha karatasi laini ya tishu na uikate ikiwa inaning'inia. Ikikatika mstari safi, mkasi unafaa. Ikichanika au ikajikunja kati ya makali, rudisha mkasi jikoni.

Dalili: baada ya wiki chache ncha zimepasuka tena

Hapa kuna mambo mawili yanayofanana kwa macho. La kwanza ni mkasi butu niliousema: unaacha ncha zilizopondwa, na ncha iliyopondwa hupasuka upesi. Ukizitazama kwenye mwanga zina vidoa vyeupe palepale zilipokatwa. Hizo inabidi zikatwe upya kwa mkasi mkali, nusu sentimita juu ya kidoa.

La pili ni kwamba hazikupasuka tena. Ni nywele nyingine, ambazo hazikuwahi kukatwa. Hata kichwa chenye urefu mmoja kina nywele zilizo njiani: zilizoota mwaka jana, zilizokatika kwenye mistari ya rasta, zilizoungua kwa pasi. Zinaishia katikati ya mkia, na mkia unakata mwisho wake tu. Hakuna idadi ya sentimita utakayotoa chini itakayozifikia bila kukuacha na nywele fupi. Hizi hufuatwa moja moja. Chukua fungu la unene wa kalamu, lisokote mpaka likaze, na ncha fupi zitajitokeza pembeni mwa msokoto. Kata zile zinazochomoza na zilizopasuka, bila kugusa msokoto wenyewe. Kwa nywele za kiunoni ni kazi ya saa nzima na zaidi, na inafaa kugawanywa kwa siku mbili tatu, dirishani mchana, kwa sababu chini ya taa ya dari huoni kitu.

Mpasuko nao una tabia yake. Ukiuacha unapanda juu ya unywele, kwa hiyo kata juu ya ulipoishia. Ukikata katikati ya mpasuko umeuacha hai.

Dalili: umekata sentimita 3, nywele zimepanda 8

Nywele zilikuwa zimelowa, au zina mawimbi, au vyote viwili. Unywele uliolowa unavutika zaidi ya ulio mkavu, na ukikauka unarudi. Wenye mawimbi unarudi zaidi. Mkia uliobanwa ukiwa umelowa na kuvutwa kwa nguvu unakuonyesha urefu ambao haupo. Bana nywele zikiwa zimeoshwa, zimekauka kabisa na zimechanwa, bila mafuta mengi yanayozifanya ziteleze kwenye lastiki. Kilichokwisha kukatwa hakirudi, na hakuna mkia wa kukirekebisha.

Kwa nywele zetu za kipilipili ambazo hazina dawa, njia ya mkia ina mpaka wake hapa. Nywele hizi zinaweza kusinyaa kwa zaidi ya nusu ya urefu wake, na hazisinyai sawasawa. Za ukosini kwa watu wengi zina mviringo tofauti na za utosini. Unaweza kuzinyoosha kwa draya, ukabana mkia wa ukosini, ukapata mstari uliolala vizuri, kisha ukaosha na kukuta kichwa kina mabonde. Mstari ulikuwa sahihi kwa nywele zilizonyooka peke yake. Kama kila mara unazivaa zimenyooka, endelea na mkia. Kama unazivaa zilivyo, zisuke za uzi usiku kucha ili zinyooke bila moto, asubuhi zigawe mafungu kumi au kumi na mawili, kila fungu ulisokote kwa vishungi viwili, na ukate ncha ya kila msokoto mahali unapoanza kuwa mwembamba na wa kukwaruza. Kila fungu linakatwa kwa hali yake, na hakuna linalolazimishwa kufuata mwenzake.

Mkia pia hautafaa kwa aliye katikati ya kuacha dawa, mwenye mashina ya asili na ncha zilizonyooka kwenye unywele mmoja. Mashina yanajikunja ndani ya lastiki na kuvuta ncha juu kwa viwango tofauti, na alama zote ulizoweka hazina maana. Huyo naye ni wa mafungu. Vilevile mwenye ngazi zilizokatwa saluni na anataka kuzibakiza: mkia wa ukosini utakata ngazi ya chini tu na kuziacha za juu na ncha zake. Na kama nywele hazijapita mabega, mkia unakuwa mfupi mno kuvaa hata lastiki mbili, na bila lastiki ya pili mpangilio unategemea jicho peke yake. Hao watatu ningewapeleka kwa mtu mwenye mkasi mzuri anayesimama nyuma yao, na niwaombe wamtajie sentimita wanazotaka zitoke, wamwonyeshe kwa vidole kwenye nywele zenyewe kabla hajaanza.